Slaidi sita, dakika kumi: nani anawasha taa za Nairobi saa mbili usiku?

"Habari mwalimu. Niko mwaka wa pili diploma hapa Nairobi na nimepewa presenteshoni ya dakika kumi kuhusu nishati jadidifu, slaidi pamoja na noti za kusema nikisimama mbele. Nimeshatengeneza slaidi 22: sola, upepo, maji, jotoardhi, bayogesi, kila moja na faida na hasara zake. Nikifanya mazoezi dakika kumi zinaisha bado niko kwa upepo. Nikate wapi, na noti zinaandikwaje?"

Mdogo wangu, ukikata kutoka hizo 22 utabaki na vipande visivyoshikana, afadhali uziweke kando uanze na karatasi tupu. Hesabu iko hivi. Mtu akisimama mbele ya darasa akiongea Kiswahili kwa utulivu, akinyoosha kidole kwa ukuta, akimeza mate, anasema kama maneno 100 kwa dakika. Toa nusu dakika ya kuchomeka laptopu na kukohoa, unabaki na maneno 950 hivi. Ukiyagawa kwa slaidi 22 kila moja inapata maneno 43 hivi, na kwa maneno 43 hakuna kitu unaweza kueleza, unataja tu majina na kusonga mbele. Ndio maana unakwama kwa upepo, kasi yako haina shida yoyote.

Kwa hivyo chagua swali moja ambalo mtu wa Nairobi anaweza kulisikia kwake nyumbani, na slaidi zote zijibu hilo tu. Mimi ningechukua stima ya saa mbili usiku, kwa sababu hapo ndio aina zote za kawi zinalazimika kuonyesha kazi yake, na huwezi kujificha nyuma ya maneno matamu. Bayogesi iache kabisa. Nitakuandikia slaidi sita nzima, maandishi ya ukutani na noti za mdomoni, na katikati nikuambie kwa nini nimefanya hivyo ndio uweze kubadilisha kwa maneno yako.

Slaidi ya 1. Ukutani:
Saa mbili usiku. Jua limezama.
Nani anawasha taa za Nairobi?

Noti (dakika 1):
"Hamjambo. Fikirieni nyumbani kwenu leo saa mbili usiku. Taa zimewaka, tivii iko kwa habari, mtu anapiga pasi nguo za kesho, friji inanguruma, na jirani naye ni vivyo hivyo. Hiyo ndio saa Kenya inavuta stima nyingi kuliko saa nyingine yoyote. Mwaka wa 2025 mvuto huo ulipita megawati 2,300. Na saa hiyo paneli zote za sola nchini zinatoa sufuri. Sasa, kila mara tunaambiwa karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa kawi jadidifu. Kama jua limelala, usiku hiyo stima inatoka wapi?"

Ukimaliza hapo nyamaza sekunde tatu, hesabu kichwani, halafu ubonyeze slaidi ya pili. Na uangalie neno nililotumia: nimesema asilimia 90 ya stima, sikusema ya kawi. Hapa ndio wengi huanguka. Kawi yote ya nchi inajumlisha petroli ya matatu, gesi ya kupikia, makaa na kuni, na ukiziweka zote pamoja kuni na makaa ndio zinabeba mzigo mkubwa kuliko stima. Ukisimama useme "Kenya inatumia kawi safi asilimia 90" mtu atakuuliza mama yake hupikia nini kule mashambani, na utakosa jibu.

Slaidi ya 2. Ukutani:
Megawati = kasi
Yuniti = kiasi
Pasi ya wati 1,000 × saa 1 = yuniti 1

Noti (dakika 1 na nusu):
"Kabla tujibu lazima tutenganishe vitu viwili. Chukua mfereji wa maji na mtungi wa lita 20. Mfereji unaweza kuwa unatoa maji kwa nguvu au kidogo kidogo, hiyo ni kasi. Mitungi uliyojaza mpaka jioni, hicho ni kiasi. Kwa stima, kasi ndio wati, kilowati, megawati. Kiasi ndio yuniti, zile unanunua kwa tokeni. Pasi ya wati 1,000 ikivuta mfululizo saa moja imekula yuniti moja. Balbu ya wati 10 itachukua saa 100 kumaliza yuniti hiyo hiyo. Sasa mtambo ukiitwa wa megawati 50, hiyo ni kasi yake ya juu kabisa. Haikuambii umejaza mitungi mingapi. Mfereji mkubwa unaofunguliwa saa chache unaweza kujaza mitungi michache kuliko mfereji mdogo usiofungwa."

Hii slaidi usiikate hata muda ukibana. Nimekaa nikisikiliza presenteshoni za wanafunzi miaka mingi, na kosa ninalolikuta zaidi ni hili la kuchanganya megawati na yuniti. Kuna mmoja alikuja na mchoro mzuri sana wa rangi, nguzo ya sola ya Garissa imesimama sawa na nguzo ya mtambo wa mvuke wa jotoardhi kwa sababu zote ameziandikia megawati 50, akasema vinatoa stima sawa. Aliyemuuliza swali alikuwa ameketi nyuma kabisa, aliuliza tu "na usiku?", na kazi yote ya wiki mbili ikayumba. Mchoro ulikuwa na namba za kweli, ila zilikuwa zinapima kitu kingine.

Slaidi ya 3. Ukutani:
Sola ya Garissa, megawati 50: yuniti milioni 76 kwa mwaka
Mvuke, megawati 50: yuniti milioni 394 kwa mwaka

Noti (dakika 2):
"Mwaka una saa 8,760. Mtambo wa megawati 50 ni kilowati 50,000. Ukiuwasha bila kupumzika mwaka mzima utatoa 50,000 mara 8,760, ambayo ni yuniti milioni 438. Hiyo ndio mitungi yote unayoweza kujaza. Sasa mtambo wa mvuke wa jotoardhi hufanya kazi usiku na mchana, unasimama tu kwa matengenezo. Tukiukadiria asilimia 90 ya mwaka tunapata milioni 394. Sola ya Garissa, iliyozinduliwa mwaka wa 2019, ilipangwa itoe kama milioni 76 kwa mwaka, yaani karibu asilimia 17. Si eti ni mbovu. Usiku hakuna jua, asubuhi na jioni jua liko chini, mawingu yanapita, paneli zinashika vumbi na zinapata joto. Megawati ni zile zile, lakini mitungi ni mara tano. Lakini msiidharau sola. Saa sita mchana inapotoa stima, kule Mto Tana tunafunga maji kidogo kwenye bwawa, na maji hayo yanatungoja mpaka jioni. Kwa njia hiyo jua la mchana linafika usiku likiwa limebebwa na maji."

Hesabu hiyo iandike ubaoni kwa chaki ama kalamu, usiiweke kwa slaidi. Watu wakiona mkono ukiandika 50,000 × 8,760 wanahesabu pamoja na wewe, lakini ikitokea tayari kwa ukuta wanaisoma kwa sekunde mbili na akili inahama. Ule mfano wa sola na bwawa pia uuseme polepole, manake ndio sehemu ambayo wengi hawajawahi kuifikiria: ukiwa na mabwawa makubwa tayari uko na betri, haitaji lithiamu, inataka tu usiitumie mchana ukiwa na kitu kingine. Na "mtambo wa mvuke megawati 50" ni mfano wa hesabu, hakuna jina la mtambo hapo, mtu akiuliza ni upi mwambie hivyo wazi.

Slaidi ya 4. Ukutani:
(mchoro wako wa mkono) mvua → mwamba moto → kisima → tangi la kutenganisha → tabaini → maji yanarudi chini

Noti (dakika 2):
"Hapa ni Olkaria, karibu na Naivasha, ndani na kando ya Hell's Gate. Chini ya Bonde la Ufa mwamba moto uko karibu na uso wa nchi. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanapata joto la zaidi ya nyuzi 200, sehemu zingine zaidi ya 300, lakini hayachemki yakaisha kwa sababu yamebanwa na uzito wa juu. Tunachimba kisima, siku hizi kama kilomita tatu kwenda chini. Maji yanapanda, presha inapungua, na sehemu yake inageuka mvuke njiani. Juu kuna tangi linalotenganisha mvuke na maji. Mvuke unaenda kuzungusha tabaini, maji ya chumvi yanarudishwa ardhini kupitia kisima kingine. Visima vya kwanza vya kujaribu vilichimbwa miaka ya 1950, lakini tabaini ya kwanza, ya megawati 15, iliwaka mwaka wa 1981. Leo jotoardhi ya Kenya iko zaidi ya megawati 900, na ndio inatoa sehemu kubwa zaidi ya yuniti zetu. Haijali kama ni usiku."

Mchoro uchore wewe mwenyewe, piga picha kwa simu uweke. Ile ya kutoa kwa intaneti huwa na mishale 20 na maandishi ambayo hayasomeki kutoka kiti cha tatu. Na ukiweka picha ya Olkaria, chunga sana lile wingu jeupe kubwa. Nimeona watu wakiandika chini yake "moshi wa mtambo". Hakuna kitu kinachochomwa pale. Lile wingu hasa ni mvuke wa maji kutoka minara ya kupoza, na mwingine unatoka kwa visima vinavyopimwa. Kitu ambacho kipo kweli na hakionekani ni gesi yenye salfa, ile inanuka kama yai bovu ukipita na baiskeli kule, ni kidogo lakini ipo na wanaipima. Ukisema hilo kabla hujaulizwa utaeleweka kuwa umesoma.

Slaidi ya 5. Ukutani:
Timu ya usiku
Mvuke: haubadiliki
Upepo: unapenda usiku
Maji: yanaziba pengo

Noti (dakika 2):
"Sasa tujibu swali. Saa mbili usiku, chini kabisa kuna mvuke wa Olkaria, umekuwa hapo tangu asubuhi bila kubadilika. Juu yake kuna upepo. Kule Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, jumla megawati 310, na bahati yetu ni kwamba upepo wa Turkana huwa na nguvu zaidi usiku kuliko mchana. Stima hiyo inasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa nyaya hadi Suswa. Lakini upepo hauagizwi, unakuja ukitaka. Kwa hivyo juu kuna maji. Mto Tana uko na mabwawa matano yamefuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Tone moja la maji linazungusha tabaini mara tano kabla liende zake. Na maji yana sifa moja ambayo mvuke hauna: unafungua lango na kwa dakika chache megawati zimeongezeka. Familia zikiwasha taa, maji yanaongezwa. Upepo ukishuka ghafla, maji yanaongezwa. Pengo likibaki, kuna stima tunayonunua Ethiopia, na mwisho kabisa mitambo ya mafuta, ambayo ndio ghali."

Hapa kuna mtego mwingine. Utatamani kujumlisha, mvuke 900, upepo wa Turkana 310, upepo wa Kipeto kule Kajiado 100, upepo wa Ngong 25, mabwawa zaidi ya 800, upate jumla kubwa useme "mnaona, inatosha". Usifanye. Hizo zote ni upana wa mifereji, si maji yanayotoka saa mbili usiku wa leo. Leo upepo unaweza kuwa unatoa 280 ama 40, na mwaka wa ukame Masinga ikishuka sana hata mabwawa yanabaki na mashine zilizo kamili lakini hazina cha kuzizungusha. Ndio maana kwa slaidi hii sikuweka namba yoyote, nimeweka tabia ya kila mmoja. Namba unazitaja mdomoni mahali zinapohitajika, ukutani zinabaki tabia. Ukitaka picha, chora mistari mitatu ya siku nzima kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku, mvuke uwe mstari ulionyooka kama rula, sola iwe kilima katikati, mvuto wa watu uwe mstari unaopanda na kilele chake saa mbili usiku. Wataona wenyewe kilima cha sola na kilele cha watu havikutani.

Slaidi ya 6. Ukutani:
Saa tisa usiku: shida inageuka
Stima nyingi, watu wamelala

Noti (dakika 1):
"Saa mbili usiku tumevuka. Lakini saa tisa usiku watu wamelala, mvuto umeshuka karibu nusu, na upepo wa Turkana ndio umechangamka. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kila siku kama mfereji, chuma chake kikipoa na kupata joto tena na tena kinaharibika. Kwa hivyo kuna usiku mvuke unaachiliwa hewani na upepo unaambiwa upunguze. Na kuchimba kwenyewe ni kamari: kisima kinakula mamilioni ya dola kabla ujue kama kina mvuke, na kizuri cha kawaida kinaendesha kama megawati 5. Kwa hivyo taa za saa mbili usiku zinawashwa na mvuke, upepo na maji kwa pamoja, na kazi iliyobaki ni kutafuta nani atumie stima ya saa tisa. Asanteni."

Ukijumlisha dakika nimekupa tisa na nusu, nusu iliyobaki ni ile ya laptopu na kukohoa. Usijaze. Na uzisome kwa sauti ukiwa umesimama, na saa ya simu, mara mbili tu, kwa sababu ukisoma umekaa kitandani unasoma kwa kasi ya macho na utajidanganya kwamba uko na muda. Ukipita dakika kumi, toa sentensi ya historia ya 1981 kwa slaidi ya nne na ile ya mitambo ya mafuta kwa slaidi ya tano, hizo zikitoka hakuna kitu kinaanguka. Ukigusa slaidi ya pili au hesabu ya tatu, kila kitu baada ya hapo kinakosa miguu.

Kuhusu noti zenyewe. Umeona nimeziandika kama mtu anaongea, sentensi fupi, neno "sasa", neno "lakini", hakuna alama za nukta za orodha. Hiyo ni makusudi. Noti za orodha zinakufanya utafute maneno ukiwa umesimama, na ukiwa na woga maneno hayaji. Ziweke kwenye sehemu ya Notes chini ya kila slaidi, halafu ukifungua Presenter View wewe utaziona kwa laptopu na darasa wataona slaidi peke yake. Lakini projekta nyingi za madarasa yetu huonyesha skrini moja tu, ukifika unakuta noti zako zote ziko ukutani watu wanazisoma. Chapisha kwa karatasi, kila slaidi na noti zake ukurasa mmoja, namba ya ukurasa kwa juu, maandishi makubwa, na uzishike. Na andika namba zote kwa noti vile utazitamka: kama utasema "milioni mia tatu tisini na nne" andika hivyo, manake 394,200,000 ikikukuta katikati ya sentensi utasimama uanze kuhesabu sufuri.

Maswali yatakuja, na kwa mada hii ni karibu yale yale kila mwaka. La kwanza ni "kama mvuke ni wa bure mbona stima ni ghali?" Mvuke haulipiwi lakini visima, mitambo na nyaya zilijengwa kwa mikopo, na mikopo inalipwa mvuke ukitoka au usitoke. Halafu kuna kodi na tozo, mwambie aangalie ujumbe wa tokeni kwa simu yake, atasoma TknAmt na OtherCharges zimetengwa, hiyo ya pili ndio imebeba hayo mengine. La pili ni "kama tuko na stima nyingi usiku mbona kwetu inapotea?" Hapo eleza kuwa kutengeneza stima na kuifikisha ni kazi mbili. Transfoma ya mtaa ikizidiwa inaungua hata kama Olkaria inamwaga mvuke, na katika kila yuniti 100 zinazonunuliwa kutoka kwa mitambo, zaidi ya 20 hupotea njiani, zingine kwa joto la nyaya, zingine kwa wizi na mita zisizopima sawa.

La tatu ndio gumu na ndio ninalolipenda, "jotoardhi ni jadidifu kweli, mvuke hauishi?" Usijibu ndio haraka haraka. Joto la ardhi haliishi kwa umri wetu, lakini maji na presha ya eneo moja vinaweza kuisha ukivuta haraka kuliko vinavyorudi. Dalili inaonekana kichwani mwa kisima, presha inashuka mwaka baada ya mwaka na megawati zinafuata. Ndio maana yale maji ya chumvi yanarudishwa chini, na ndio maana kila baada ya muda wanachimba visima vipya vya kufidia vilivyochoka. Kurudisha nako kuna hesabu yake, kisima cha kurudisha kikiwa karibu sana na cha kutoa, maji yaliyopoa yanakimbilia mvuke wako na kuupoza. Kwa hivyo jibu la kweli ni kwamba ni jadidifu ikitunzwa, na kutunza maana yake ni kupima presha na kuheshimu inachosema.

Na kama kuna mwenzako ametoka upande wa Naivasha au Narok anaweza kuuliza kuhusu watu. Mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, zikapewa makao mapya, na baadaye wenyewe wakapeleka malalamiko kwa benki zilizotoa mkopo, mpaka ikabidi kukaa kwa meza ya usuluhishi. Lijue hilo, ulijibu kwa heshima na kwa urefu wake, usilikimbie kwa kusema ni nje ya mada, kwa sababu yeye aliyeuliza huenda ni la kwao.

Slaidi ya saba ya "Asanteni, maswali?" usiweke. Wacha ile ya sita ikae ukutani wakati wa maswali, na karatasi zako ziwe wazi kwa ukurasa wa tatu, manake swali la kwanza karibu kila mara hurudi kwa zile milioni 76.